Shati la Mistari na Sketi ya Maua: Jinsi ya Kuvivaa Pamoja

Wengi wenye sketi ya kitenge cha maua huivalia blauzi ya rangi moja, nyeupe au nyeusi, wakaishia hapo. Shati la mistari lililomo kwenye kabati hilohilo haliguswi, kwa kuogopa kuulizwa, "Mwenzetu, leo ulivaa umeme ukiwa umekatika?" Woga huo una sababu, kwa maana mistari na maua yakikutana ovyo hupigana kweli. Lakini yakipangwa vizuri hupendeza kuliko blauzi nyeupe, kwa sababu kila anayekutazama anaona kwamba uliyachagua kwa makusudi.

Kinachozifanya nguo mbili za michoro zigombane si michoro yenyewe. Zinagombana zikiwa na nguvu sawa na zisiposhirikiana kitu chochote. Hapo jicho halijui lianzie wapi wala litue wapi, na mtazamaji anachoka kabla hajakuona wewe mwenyewe. Kwa hiyo una mambo matatu ya kuhakikisha: rangi ziunganishe nguo zote mbili, ukubwa wa michoro utofautiane, na nguo moja iwe kiongozi. Ukiyashika hayo, mengine yanakuwa mepesi.

Kwanza, itazame kanga

Kabla ya kufungua kabati, tandaza kanga yoyote kitandani. Pembeni kuna pindo linalozunguka pande zote nne, na katikati kuna mji. Tazama michoro yake. Mara nyingi pindo lina mchoro mdogo uliobanana, iwe vidoa, korosho ndogondogo au mistari, na mji una pambo kubwa lenye nafasi ya kupumua. Hiyo ni michoro miwili tofauti kabisa kwenye kitambaa chenye urefu wa kama mita moja na nusu, na hakuna anayesema kanga imevurugika.

Haivurugiki kwa sababu rangi za pindo ndizo za mji, na huwa chache, mbili au tatu, aghalabu si zaidi ya nne. Mchoro wa pindo ni mdogo na wa mji ni mkubwa, kwa hiyo haushindani nao. Tena mji ndio wenye eneo kubwa, na pindo linauzunguka tu. Hata kisutu, kanga ya harusi, ambayo mji wake umejaa michoro midogo kuanzia ukingo hadi ukingo, hutulia machoni kwa sababu ina rangi tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Aliyechora kanga alikwisha kuifanya kazi unayotaka kuifanya kwa shati na sketi. Mfuate.

Rangi: hesabu zilizopo kabla ya kuongeza nyingine

Chukua nguo ya maua kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye rangi nyingi. Zihesabu rangi zake. Kwenye vitambaa vingi vya kuchapishwa, ukingo wa kiwandani una viduara vidogo vya rangi vilivyopangana, na kila kimoja kinaonyesha rangi moja iliyotumika. Kama nguo imeshashonwa, igeuze ndani uangalie mishono, kwa sababu wakati mwingine fundi huuacha ukingo huo humo. Usipouona, zihesabu kwa macho: rangi ya chini ambayo maua yamelala juu yake, rangi ya petali, rangi ya majani, na vile vijistari vyembamba vinavyozunguka petali.

Sasa shati la mistari. Kwa kawaida lina rangi mbili. Kanuni iliyo salama kuliko zote ni kwamba rangi zote mbili za mistari ziwe zimo kwenye maua, hata kama moja inaonekana kwa uchache. Mistari ya buluu na nyeupe itapatana na kitenge chenye buluu nyingi na vijistari vyeupe kwenye majani. Ile nyeupe kidogo inatosha, kwa sababu jicho huokota rangi iliyojirudia, na likiiona mara ya pili linaamini kwamba haikuja kwa bahati.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni weupe. Kuna nyeupe pe na kuna nyeupe ya krimu, na hizo mbili zikikaa pamoja, ile ya krimu huonekana kama nguo iliyochakaa au iliyofuliwa kwa maji ya tope. Shati la mistari myeupe pe liache kama maua yako yamelala juu ya krimu. Tafuta shati ambalo weupe wake nao ni wa krimu.

Mtego wa pili ni rangi zinazokaribia kufanana. Buluu iliyokolea na buluu iliyokolea kidogo zaidi huonekana kama ulijaribu kuoanisha ukashindwa. Rangi za familia moja ama zifanane kabisa, ama zitofautiane wazi, moja ikiwa ya anga na nyingine ya usiku. Pima jambo hili mlangoni au uani, penye mwanga wa mchana. Taa za dukani hubadili rangi, na nyekundu mbili zilizofanana chini ya taa zinaweza kutengana mara tu unapotoka nje.

Ukubwa: kiganja na kijiti cha kiberiti

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulisahau. Mtu huoanisha rangi vizuri kabisa, na bado mavazi yanakataa, kwa sababu maua na mistari vina ukubwa mmoja. Ua lenye upana wa sentimita tatu likikaa juu ya mstari wa sentimita tatu, vyote viwili vinaita kwa sauti ileile.

Pima kwa vitu ulivyonavyo. Kama ua ni la ukubwa wa kiganja, mstari uwe mwembamba, kuanzia upana wa kijiti cha kiberiti, ambao ni kama milimita mbili, hadi upana wa penseli. Kama maua ni madogo kama kifungo cha shati, geuza mambo: mistari iwe mipana, sentimita tano au zaidi. Kwa makadirio, mchoro mkubwa uwe angalau mara tatu ya mdogo. Ukiona unalazimika kupima kwa rula ili ujue upi ni mkubwa, basi haijatofautiana vya kutosha.

Mistari myembamba ina tabia nyingine ya kujua. Litundike shati ukutani, kisha rudi nyuma hatua nne au tano. Mistari yenye upana wa kijiti cha kiberiti hupotea, na shati la buluu na nyeupe linageuka kuwa shati la buluu hafifu. Yaani kwa anayekuona kutoka ng'ambo ya barabara umevaa rangi moja juu na maua chini, na kwa anayesimama nawe kuzungumza ndipo mistari inapojitokeza. Kwa anayeanza hiyo ni njia rahisi, kwa sababu hatari yake ni ndogo. Ila kumbuka kwamba rangi inayohesabika ni ile inayoonekana kutoka mbali. Mistari myekundu iliyobanana na myeupe itasomeka kama waridi, hata kama kitenge chako hakina waridi popote.

Mistari myembamba ya nyeusi na nyeupe iwekee tahadhari. Tofauti kali kiasi hicho katika nafasi finyu huchezacheza machoni, na kwenye picha au video inaweza kutoa mawimbi ambayo hayamo kwenye nguo. Kama unakwenda harusini ambako kamera hazipumziki, chagua mistari yenye nafasi pana zaidi.

Kiongozi awe mmoja

Amua nguo ipi inaongoza, kisha uipe eneo kubwa. Gawanyo linalofanya kazi vizuri ni theluthi mbili kwa theluthi moja. Sketi ya maua inayoshuka chini ya magoti, ikivaliwa na shati lililochomekewa, inafikia hapo bila taabu. Shati hilohilo ukiliacha linaning'inia hadi kwenye nyonga, mavazi yanagawanyika nusu kwa nusu, na ugomvi unaanza upya ingawa nguo ni zilezile. Ndiyo maana kuchomekea si jambo dogo hapa. Kama hupendi kuchomekea shati zima, chomekea mbele tu au lifunge fundo kiunoni, mradi kiuno kionekane.

Eneo peke yake halitoshi kumjua kiongozi. Kuna nguvu ya mchoro, yaani jinsi rangi yake ya giza ilivyo mbali na rangi yake ya mwanga. Simu yako inaweza kukupimia. Vaa nguo zote mbili, piga picha ya mwili mzima kwenye kioo, kisha iweke picha katika nyeusi na nyeupe. Rangi zikishatoka, utaona wazi ni nguo ipi inarukia macho. Kama sketi ndiyo uliyoichagua iongoze lakini kwenye picha shati ndilo linalopiga kelele, shati hilo lina nguvu mno kwa kazi hii, hata kama rangi zake zinapatana.

Mfano mmoja, mashati manne

Tuchukue kitenge kimoja tukifuate hadi mwisho. Rangi yake ya chini ni buluu iliyokolea. Maua yana upana wa kama sentimita kumi na tano, njano ya haradali, na petali zimezungushiwa nyekundu ya matofali. Majani yana mishipa myeupe. Kimeshonwa sketi pana inayofika katikati ya muundi. Mezani kuna mashati manne ya mistari.

La kwanza lina mistari ya kulala, nyeusi na nyeupe, kila mmoja sentimita tatu. Nyeusi haimo kwenye kitenge, na mistari ni mipana na mikali. Picha ya nyeusi na nyeupe inaonyesha shati likiwa mbele na sketi ikijitahidi kulifikia. Hili linawekwa kando.

La pili lina mistari myembamba ya waridi na zambarau. Kwa ukubwa liko sawa kabisa, lakini hakuna hata rangi moja inayopatikana kwenye sketi. Ukilivaa, juu kuna mtu mmoja na chini kuna mwingine. Shati hili linaonyesha kwamba ukubwa sahihi hauwezi kuokoa rangi ngeni.

La tatu ni buluu ya anga na nyeupe, mistari ya upana wa kijiti cha kiberiti. Kutoka mbali ni shati la buluu hafifu, na buluu hiyo iko mbali vya kutosha na ile ya kitenge kiasi cha kuonekana ndugu yake mdogo. Linafaa. Kwa ofisi yenye masharti ya mavazi, hili ndilo la kuchukua, kwa sababu linatulia. Upungufu wake ni kwamba mistari haionekani sana, na kazi ya kuoanisha inapita bila kutambuliwa.

La nne ni jeupe pe, lina mistari ya kusimama ya buluu iliyokolea, kila mmoja milimita nne hivi, na kati yake nafasi ya sentimita moja. Buluu ni ileile ya chini ya kitenge. Nyeupe imo kwenye mishipa ya majani. Ua ni kubwa kuliko mstari kwa zaidi ya mara kumi. Mistari inaonekana hata kutoka ng'ambo ya chumba, lakini kwenye picha ya nyeusi na nyeupe maua ndiyo yanayoongoza. Hili ndilo shati lenyewe.

Sasa limalizie. Lichomekee, kisha vaa mkanda wa ngozi wa kahawia wenye upana wa sentimita tatu au nne. Mkanda huo unafanya kazi ya ule ukanda mtupu ulio kati ya pindo na mji kwenye kanga nyingi: unaupa kila mchoro mwisho wake, ili mstari usitumbukie moja kwa moja kwenye ua. Viatu viwe vya kahawia kama mkanda, na mkoba uwe mtupu. Hereni ziwe za njano ya haradali, ili rangi ya maua ipande hadi usoni. Ukitaka kwenda mbali zaidi, funga kilemba cha kitenge hichohicho. Maua yakiwa juu na chini, mistari inakaa katikati yao, na hakuna atakayedhani shati lilichukuliwa kwa haraka. Ila ukifunga kilemba hicho, punguza hereni.

Ukimpelekea fundi

Michoro miwili inaweza pia kukaa kwenye nguo moja: gauni la maua lenye kola, mapindo ya mikono na mfuko wa mistari. Kwa kazi hiyo nusu yadi ya kitambaa cha mistari kwa kawaida inatosha, na shati kubwa la kiume la mitumba linaweza kukupa kiasi hicho. Maua yatawale gauni zima, na mistari ikae kwenye vipande vidogo vyenye mipaka.

Kabla ya kukata, fua vitambaa vyote viwili, kila kimoja peke yake. Pamba hunywea inapofuliwa mara ya kwanza, na kama kimoja kimeshanywea na kingine bado, kola itajikunja baada ya kufuliwa. Jaribu pia kama rangi inatoka: lowesha pembe ya kitenge, kisha ikandamize juu ya kitambaa cheupe. Ikiacha doa, usikishone pamoja na mistari myeupe hadi kiache kutoa rangi.

Mweleze fundi mambo mawili waziwazi, kwa sababu asipoambiwa atakata kwa kufuata kitambaa kinavyotosha. La kwanza, ncha mbili za kola zilingane: mstari unaoanzia kushoto uonekane vilevile kulia. Kwenye maua kosa dogo la kukata hujificha, lakini kwenye mistari kila mtu ataliona. La pili, mistari ya mapindo ya mikono yote miwili iende upande mmoja, ama kuzunguka mkono ama kufuata urefu wake. Na kwa maua makubwa, muulize ataliweka wapi ua zima. Ua likikatwa katikati na zipu bila kulinganishwa, hata mistari iliyokatwa kwa umakini haitaliokoa gauni.

Dalili kwamba bado, na dawa yake

Kuna nyakati umefuata yote na kioo bado kinakataa. Mara nyingi shida ni mojawapo ya hizi.

Mavazi yanaonekana kama nguo za kulalia. Hii hutokea maua yakiwa madogo, mistari ikiwa myembamba, rangi zikiwa hafifu, na vitambaa vyote viwili vikiwa laini na vyepesi. Havipigani, ila havina kiongozi wala umbo. Ongeza kitu kigumu cha rangi moja iliyokolea, kama mkanda mpana, kikoti chenye mabega au viatu vya kufunga.

Macho yanarukaruka. Hesabu michoro tena, ukijumlisha mkoba, skafu, viatu na hata soksi. Mara nyingi utakuta mchoro wa tatu uliojificha. Uondoe huo kwanza kabla ya kubadili nguo.

Nguo moja inang'aa na nyingine imefifia. Maua ya satini na mistari ya pamba iliyofuliwa mara nyingi havifanani umri, hata rangi zikipatana. Pamba iende na pamba au kitani, na kinachong'aa kiende na kinachong'aa.

Shati linakaribia kufaa, lakini lina nguvu kidogo kupita kiasi. Hili lina dawa rahisi: vaa juu yake sweta au kikoti cha rangi ya chini ya kitenge, ukikiacha wazi. Mistari itabaki kama ukanda kifuani, na gawanyo la theluthi mbili kwa moja litarudi.

Ukikwama kabisa, badili shati, usibadili sketi. Kitenge ulichokipenda hukipati kila siku, lakini mashati ya mistari yamejaa kwenye mitumba, na bei yake inakuruhusu kuchagua. Kwa hiyo fundi akimaliza sketi, mwombe kipande cha masalio kinachotosha kuonyesha ua moja zima na rangi zote. Kiweke kwenye pochi. Siku unayokwenda sokoni, kilaze juu ya kila shati unalolifikiria, mbali na kivuli cha turubai la muuzaji, kisha rudi nyuma hatua chache uangalie. Shati linalofaa utalijua hapohapo, kabla hujalipa.